Nimpe wa Kariakoo makopo 100 kwa mali kauli?

"Shikamoo mama. Natengeneza mafuta ya kupaka mwilini ya nazi na shea nyumbani Mbagala. Naweza kutoa makopo 300 kwa mwezi, kwa sasa natoa kama 150. Kopo la gramu 200 linanigharimu 3,800, yaani mafuta, kopo na lebo, na nauza 10,000. Nina meza Rangi Tatu kila Jumamosi, natoa makopo kama 25 kwa siku. Mengine wanachukua majirani na watu wanaonipigia simu. Sasa mfanyabiashara wa Kariakoo anataka makopo 100 kwa mali kauli, kwa 6,000 kila moja. Wifi yangu anasema niachane na meza nifungue duka la Instagram kwa sababu mtandaoni hakuna kodi ya fremu. Na wateja wawili wa kanisani wanaomba wawe mawakala. Mtaji wangu wote ni kama milioni moja. Naogopa kutawanyika, lakini naogopa pia kumkosa huyu wa Kariakoo. Nichague ipi?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na ile 3,800, maana kila jibu nitakalokupa linasimama juu yake, na hiyo namba haijakamilika. Umehesabu mafuta, kopo na lebo. Hukuhesabu gesi, nauli ya kwenda kununua malighafi, makopo yanayopasuka na mafuta yanayobaki kwenye sufuria. Weka 400 kwa kila kopo. Hukujihesabu wewe mwenyewe wala anayekusaidia. Ikiwa watu wawili mnatoa makopo 60 kwa siku, na kila mmoja nimlipe 15,000, hiyo ni 500 kwa kopo. Kwa hiyo kopo lako linagharimu 4,700 kabla halijatoka mlangoni. Kama namba zako halisi ziko tofauti kidogo na hizi zangu, badilisha, lakini usirudi kwenye 3,800. Nimeona wanawake wengi wanaokubali bei ya jumla kwa furaha kwa sababu tu kazi ya mikono yao wameipa thamani ya sifuri.

Sasa, kila anayekuuzia anakufanyia kazi fulani: kumtafuta mteja, kumshawishi, kumfikishia mzigo, au kukaa na mzigo akingoja mnunuzi. Punguzo unalompa ni mshahara wa kazi hiyo. Kwa hiyo mbele ya kila njia uliza mambo matatu. Baada ya gharama zote, kwenye kila kopo nimebaki na shilingi ngapi? Pesa yangu inarudi baada ya siku ngapi? Na huyu mteja akimaliza kopo, atamtafuta nani? Hilo la tatu watu hulisahau, na kwa mafuta ya mwili ndilo lenye pesa, kwa sababu mafuta yanaisha.

Tuanze na meza yako, ambayo wifi anataka uiache. Jumamosi moja ina gharama ambazo hazijali umeuza mangapi. Tuseme ushuru wa meza 5,000, kusafirisha mzigo 8,000, chakula 4,000, siku yako wewe 15,000, na kopo moja la kuonjesha watu mikononi, 4,700. Jumla 36,700. Ukiuza makopo 25, kila kopo limebeba kama 1,470, na unabaki na 3,830 safi. Hiyo ni pesa nzuri, na unarudi nayo jioni hiyohiyo mfukoni. Lakini ile 36,700 iko palepale hata mvua ikinyesha. Masika, Jumamosi ya makopo 8, kila kopo linabeba karibu 4,590 na wewe unabaki na 700 tu na ushee. Ukiuza chini ya makopo 7 siku hiyo umeanza kula ujira wako mwenyewe wa siku. Basi jiwekee hesabu hiyo ya 7, na zile Jumamosi za mwezi wa nne ambapo wingu limefunga tangu alfajiri, baki nyumbani utengeneze mzigo.

Meza ina faida nyingine ambayo haionekani kwenye daftari. Pale ndipo unapomwona mtu akifungua kifuniko, akinusa, akipaka nyuma ya kiganja na kungoja kuona kama yanang'ang'ania au yanazama. Pale utasikia kwamba harufu ya nazi imezidi, kwamba mwenye mtoto mchanga anaogopa manukato, kwamba kopo haliingii kwenye mkoba. Hakuna mwenye duka atakayekuletea habari hizo. Kwa hiyo meza usiiache. Lakini pia haitakufikisha makopo 300, kwa sababu Jumamosi zako ni nne tu.

Sasa huyu wa Kariakoo. Hesabu ya juujuu ni hii: 6,000 toa 4,700 ni 1,300, toa usafiri wa kumpelekea, tuseme 15,000 kwa makopo 100, unabaki na 1,150 kwa kopo. Makopo 100 ni 115,000. Unaweza kusema si haba, ni mzigo ulioondoka kwa mkupuo. Shida ni kwamba haujaondoka. Mali kauli si mauzo. Ni kuhamisha stoo yako kutoka chumbani kwako kwenda kwenye rafu ya mtu mwingine, na kumwachia yeye aamue lini utaona pesa yako. Mafuta, makopo, lebo, gesi na posho ya msaidizi wako kwa makopo hayo 100 vimekula zaidi ya laki nne taslimu. Wewe mtaji wako ni milioni moja. Karibu nusu yake itakaa Kariakoo, na kwa mali kauli kungoja siku 60 si ajabu. Katika siku hizo 60 utaishiwa siagi ya shea, utakosa pesa ya kununua nyingine, na meza ya Jumamosi inayokupa 3,830 kwa kopo itakaa tupu kwa ajili ya duka linalokupa 1,150.

Na hiyo 1,150 ni kama kila kitu kimekwenda sawa. Makopo matano tu yakipotea, yakivuja, au akikuambia "hayo yaliharibika", umepoteza 30,000, sawa na 300 kwa kila kopo. Umebaki na 850.

Liko jambo jingine, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko pesa kukaa. Mtu aliyelichukua kopo kwa 6,000 hana sababu ya kuliuza 10,000. Kariakoo faida inatafutwa kwa wingi. Atalitoa kwa 7,000 kwa winga, winga atamuuzia mtu kwa 8,000, na wiki mbili baadaye kopo lako litaonekana Mbagala kwa bei hiyo. Mteja wako wa meza, aliyekulipa 10,000 bila kunung'unika, atakuja na hilo kopo mkononi akuulize kwa nini ulimlangua. Na wale mawakala wa kanisani, ambao ungewapa kwa 8,000 ili wauze 10,000, watakuta bei yao ya kununulia ndiyo bei ya mtaani. Hawatagombana nawe, wataacha tu kupokea simu. Duka moja lenye bei mbaya linaweza kuziua njia nyingine tatu, na wewe ukadhani mawakala ni wavivu.

Niliwahi kulipia somo la namna hii, miaka ile nilipokuwa bado natengeneza mafuta mwenyewe. Nilipeleka makopo 48 kwenye duka moja la vipodozi kwa mali kauli na sikurudi kwa wiki tano kwa sababu niliona aibu kuonekana nadai. Niliporudi nikayakuta yamepangwa dirishani, kwenye kioo kinachopigwa na jua la saa saba. Nikafungua moja. Juu kulikuwa na tabaka la mafuta ya majimaji, chini chembechembe kama sukari iliyoloa, na lebo imekuwa ya manjano upande mmoja. Mafuta hayakuwa yameharibika, lakini hakuna mama atakayenunua kitu kinachofanana na hicho mara ya pili. Yule mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Hakuwa ametoa hata senti moja kwenye makopo yale, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuyatunza.

Hili linakuhusu wewe hasa. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi, na Dar es Salaam mchana ni mara chache joto kushuka hapo. Shea huyeyuka juu zaidi, karibu na joto la mwili, lakini ikiyeyuka na kuganda polepole, mara nyingi, inafanya zile chembe. Kopo linalokaa nawe siku tatu kabla ya kuuzwa haliteseki. Kopo linalokaa dirishani miezi miwili, au kwenye buti la basi kutoka Dar mpaka Dodoma, linateseka sana. Kwa hiyo kabla ya kupanua njia yoyote, tengeneza kopo la safari: ongeza nta ya nyuki kidogo, ambayo huyeyuka zaidi ya nyuzi 60, lipoze haraka baada ya kumimina badala ya kuliacha lipoe lenyewe usiku kucha, na weka kifuniko cha ndani kinachobana. Kisha lijaribu. Acha makopo matatu kwenye dirisha lako lenye jua kwa wiki mbili, moja ulilaze ubavu, ulifungue mbele ya mtu asiyejua ulichofanya. Na kila bechi iandike namba na tarehe chini ya kopo, hata kwa kalamu ya wino usiofutika, ili kopo likirudishwa ujue lilitoka siku gani na limekaa kwa nani.

Wifi yako naye yuko sahihi kwa nusu. Kodi ya fremu mtandaoni haipo, lakini ipo kodi nyingine inayolipwa kidogo kidogo. Dada mmoja wa Tabata niliyemshauri alikuwa anauza mafuta kwa bei kama yako. Mwezi mmoja alilipia matangazo ya Instagram 100,000. Akapata oda 40 za watu waliosema "ndiyo, niletee". Alikuwa anakubali kulipwa mzigo ukifika. Oda 9 kati ya hizo bodaboda alifika, akapiga simu, haikupokelewa, au mtu akasema ametoka, njoo kesho. Safari hizo za bure zilimgharimu 4,000 kila moja, jumla 36,000. Makopo yaliyolipiwa ni 31. Gawanya 136,000 kwa 31: kila kopo lilibeba karibu 4,390 ya kumpata mteja tu. Ongeza mfuko na kikaratasi cha asante, 300. Kwa gharama yako ya 4,700, ungebaki na 600 kwa kopo. Hilo ndilo duka lisilo na kodi.

Lakini subiri, kwa sababu habari haijaisha. Nilimwomba atenganishe kwenye daftari lake wateja wapya na wale wanaorudi. Anayerudi hahitaji tangazo. Anaandika WhatsApp, anatuma pesa kwenye Lipa Namba kabla mzigo haujatoka, nauli ya bodaboda analipa mwenyewe kwa sababu anajua anachokingoja. Kwa mteja huyo wewe ungebaki na 5,000 kamili. Hakuna njia nyingine kati ya zako inayofika hapo. Kwa hiyo simu yako itumie kuuza kopo la pili, la tatu na la nane. Kopo la kwanza mtu huyo atalionja kwenye meza au kwa wakala, mahali anapoweza kunusa, na hapo hulipii tangazo.

Na hili linafanyika hivi. Tuseme mtu mzima anayepaka mwili mzima kila siku anatumia gramu 5 hivi. Gramu 200 zinamtosha siku 40. Kila Jumamosi, mteja akilipa, mwombe ruhusa ya kuandika jina la kuitwa, namba ya simu na tarehe. Wengi watakubali, asiyetaka mwache. Siku ya 35 mtumie ujumbe mmoja mfupi, wewe mwenyewe, si ujumbe wa kundi: "Mama Asha, kopo lako linakaribia chini. Jumamosi nipo Rangi Tatu, au nikutumie?" Usimtumie picha kila asubuhi. Akikaa kimya mara mbili, mtoe kwenye orodha. Ukipata namba 15 kila Jumamosi, baada ya miezi mitatu una watu 180, na hata wakirudi robo tu kila mzunguko, hayo ni makopo 45 yasiyokugharimu chochote kuyatafutia mnunuzi. Ukurasa wa Instagram ufungue, ndiyo, uweke picha safi, bei na Lipa Namba, ili anayesikia jina lako kwa rafiki aone kwamba upo. Matangazo ya kulipia achana nayo mpaka uone wateja wanarudi. Ukilipia matangazo kabla ya hapo unachota maji kwa pakacha. Na oda ya mtu mpya mtandaoni ilipwe kabla. Ukiona lazima umlipishe mlangoni, basi angalau atume nauli ya bodaboda kwanza. Asiyeweza kutuma 4,000 hana nia ya 10,000.

Hawa wawili wa kanisani ndio ninaowapenda zaidi katika barua yako, kwa sababu walikuja wenyewe baada ya kutumia mafuta. Wakala anauza 10,000, anakurudishia 8,000, anabaki na 2,000. Wewe, ukitoa nauli kidogo ya kuwafikishia, unabaki na 3,100 hivi. Karibu sawa na meza, bila kusimama juani, na masika hayamzuii mtu kumuuzia mwenzake kwenye kwaya.

Lakini wakala ana hatari zake mbili. Ya kwanza ni pesa kuliwa, na mara nyingi hailiwi kwa wizi. Mama ameuza makopo matatu, ana 30,000 kwenye pochi, mtoto kaugua usiku, atalipa ile 24,000 yako wiki ijayo. Wiki ijayo kuna ada. Baada ya mwezi anaanza kukukwepa ibada ikiisha, na umepoteza mteja, wakala na mwenzako wa kanisani kwa pamoja. Zuia hilo mwanzoni, kwa upole na kwa wote sawasawa. Mpe makopo 10: matano ayalipie palepale, 40,000, na matano umwamini. Mzigo unaofuata hautoki mpaka yale matano ya kwanza yamelipwa. Ukiwa naye kwa miezi mitatu bila tatizo, unaweza kumwamini kumi. Mtu asiyeweza kupata 40,000 mpe makopo mawili taslimu, akue polepole. Usimwonee haya, unamlinda na deni.

Hatari ya pili haionekani mwezi wa kwanza. Wakala mpya anauza makopo 20 kwa kasi, kwa shangazi, jirani, kwaya nzima, na wewe unafikiri umepata dhahabu. Mwezi wa pili anauza 6. Watu wake wamekwisha, na kwa kuwa kopo linakaa siku 40, bado hawajarudi. Usimhesabu wakala mpaka umeona mwezi wa tatu. Hapo ndipo utajua kama ana wateja au alikuwa na ndugu tu. Na akija mtu kukushauri uwalipe mawakala kwa kuleta mawakala wengine, kataa. Pesa yao itoke kwenye kopo lililopakwa mwilini na mtu aliyelinunua, basi.

Kaa nao pia mkubaliane juu ya maneno. Wakala akitaka kuuza haraka atasema mafuta yanang'arisha, yanaondoa madoa, yanatibu fangasi ya mtoto. Kila neno hilo linasemwa kwa jina lililoandikwa kwenye lebo yako. Kipodozi kinachodai kutibu ugonjwa kimeingia kwenye eneo la dawa, na neno "kung'arisha" litawafanya watu waulize kama umeweka haidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Waandikie sentensi tatu za kusema: ni nazi na shea, yanalainisha ngozi kavu, jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono. Mteja akisema anawashwa, wakala akupigie simu akupe namba ya bechi siku hiyohiyo, na mteja aache kutumia. Ngozi ikivimba au kutoa malengelenge aende hospitali, wala msimpe mafuta mengine ya kutuliza.

Sasa mchanganyiko wenyewe, tukilenga mwezi wa tatu kuanzia leo. Meza Jumamosi nne, makopo 100. Mawakala, hao wawili na wengine wawili au watatu watakaojitokeza, makopo 90. Wateja wanaorudi kwa simu, 50. Na maduka mawili madogo ya mtaani kwenu, yenye kivuli, unayopita mbele yake kila siku, makopo kama 40 kwa bei ya 7,500 taslimu, dazani kwa dazani, wao wauze 10,000. Hapo unabaki na 2,700 ukitoa usumbufu mdogo wa kuwapelekea. Ishirini zibaki ndani kwa dharura. Ukijumlisha, unabaki na kama 1,020,000 kwa mwezi, nje ya ule ujira wako wa kutengeneza na wa kusimama mezani ambao tayari tumeuhesabu. Makopo yote 300 ukimpa wa Kariakoo, kama akilipa yote, unabaki na 345,000. Kutawanyika unakokuogopa si kuwa na njia nne. Ni kuwa na bei nne. Mteja wa mwisho, popote alipo, akute 10,000. Tofauti iwe kwa anayeuza, 8,000 kwa wakala anayechukua kumi, 7,500 kwa duka linalolipa taslimu dazani nzima. Yeyote akimuuzia mteja chini ya 10,000, onyo moja, kisha mzigo hauendi tena.

Usianze zote wiki moja. Mwezi huu anza kuandika namba za wateja mezani na uwape mawakala wawili makopo kumi kumi. Mwezi ujao ongeza duka moja. Masika yakikukuta una mawakala na orodha ya simu, meza ikilala hutalala nayo.

Kabla ya maduka, tengeneza karatasi zako. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania Bara uko TBS, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, na mwenye duka makini atakuuliza usajili kabla ya kuuliza bei. Hapa barua yangu haitoshi. Nenda mwenyewe ofisi ya SIDO ya mkoa ukiwa na kopo, lebo na orodha ya vilivyomo. Wanawapa wazalishaji wadogo barua ya utambulisho ya kwenda TBS, na wataangalia pia kama hicho chumba unachotengenezea kinafaa. Ukifikiria kupeleka Zanzibar, kule mamlaka ni nyingine, ZFDA, uulize kabla mzigo haujapanda boti. Na kama una mpango wa kuongeza maji utengeneze losheni, simama kwanza utafute mkemia wa kukaa naye. Mafuta matupu hayaoti vijidudu kirahisi. Losheni yenye maji bila kihifadhi sahihi inaota, na haionekani kwa macho mpaka imechelewa.

Huyu wa Kariakoo usimkatie tamaa, wala usimjibu kwa woga. Mwambie kopo la gramu 200 lina wauzaji wake tayari, lakini utamtengenezea la gramu 100 la kwake. Mafuta yanapungua nusu, lakini kopo, lebo na kazi havipungui nusu, kwa hiyo nakadiria litakugharimu 2,850. Mpe kwa 4,000. Linakubakishia karibu sawa na lile kubwa alilotaka kwa 6,000, kwa nusu ya mafuta, na haligongani na kopo la mtu yeyote. Aanze na dazani mbili, 96,000, taslimu. Akisema lazima mali kauli, kubali dazani moja tu: andikeni idadi, bei, tarehe ya kulipa isizidi siku 14, na nani anabeba hasara ya kopo lililovuja, asaini na wewe usaini, kisha siku ya saba uende ukahesabu yaliyo rafuni. Akikataa hata hiyo karatasi moja, ujue hiyo laki nne na ushee ingekwenda wapi.